Mbegu Iliyoshinda Katika Kila Kata: Namna ya Kuitia Rangi Kwenye Orodha

Wengi wenu mnaokusanya taarifa za vikundi vya wakulima mmetuuliza swali moja kwa njia mbalimbali. Mnayo orodha ndefu kwenye kompyuta, yenye kata nyingi na mbegu kadhaa katika kila kata, na mnataka kuona kwa haraka ni mbegu ipi imetoa mavuno makubwa katika kila kata. Siyo ile iliyoshinda zote kwa jumla, bali iliyoshinda kwa wenzake wa kata ile ile. Katika toleo hili tunaeleza namna tunavyofanya sisi.

Tuanze na sababu ya kutotafuta mshindi mmoja wa orodha nzima. Mkoa wetu wa Rukwa una nchi mbili ndani yake. Kuna uwanda wa juu wa Ufipa, wenye baridi, ambako ziko Laela na Mpui, na kuna bonde la Ziwa Rukwa, kama kule Mtowisa, ambako mtu akishuka tu mteremko anaanza kuvua koti. Mahindi yanayokomaa vizuri kwenye joto la bondeni yanaweza kuchelewa na kudumaa uwandani. Tena mvua zetu ni za msimu mmoja, kuanzia mwezi wa Novemba hadi Aprili hivi. Mkulima akipewa mbegu isiyofaa hana vuli ya kujaribu tena. Anasubiri mwaka mzima.

Tazama orodha hii fupi. Namba ni za mfano tu, na mbegu tumeziita A, B na C ili mtu asije akaenda dukani na gazeti hili mkononi. Safu ya A ya jedwali ina kata, safu ya B ina mbegu, na safu ya C ina magunia kwa ekari.

```
     A         B       C
1    Kata      Mbegu   Magunia
2    Laela     A       11
3    Laela     B       17
4    Laela     C       15
5    Mpui      A       12
6    Mpui      B       16
7    Mpui      C       16
8    Mtowisa   A       21
9    Mtowisa   B       14
10   Mtowisa   C       18
```

Mtu akiangalia haraka atasema mbegu A ndiyo bora, kwa kuwa ina gunia 21. Lakini hizo 21 ni za Mtowisa. Kule Laela na Mpui mbegu hiyo hiyo ndiyo ya mwisho. Mwingine atapiga wastani wa kata zote tatu, naye atapata A gunia 14.7, B gunia 15.7 na C gunia 16.3, kisha ataagiza C kwa wote. Angalia tena orodha: C haikushinda peke yake mahali popote. Ilichoweza ni kutoka sare na B kule Mpui.

Excel yenyewe ina kanuni iliyo tayari, inayoitwa Top 10 Items, ya kutia rangi namba kubwa. Ukiiambia ichague tatu za juu, itapaka rangi 21 na 18 za Mtowisa na 17 ya Laela, na Mpui haitapata kitu. Kanuni hiyo haijui kata ni nini. Inabidi tuiandikie kanuni yetu wenyewe kwa fomula.

Wazo la fomula ni rahisi, na mzee yeyote aliyewahi kupanga watoto kwa urefu analijua. Ili kujua kama mtoto ni mrefu kuliko wote darasani mwake, huna haja ya kumpima kwa futi. Uliza tu: je, darasani humu yupo aliyemzidi? Kama hayupo hata mmoja, basi ndiye. Vivyo hivyo kila mstari wa orodha utauliza: katika kata yangu, ni mistari mingapi yenye magunia kuliko yangu? Jibu likiwa sifuri, mstari unapakwa rangi.

Kazi ya kuhesabu hivyo inafanywa na COUNTIFS, iliyomo katika Excel tangu toleo la 2007. Kwa hiyo hata kompyuta kuukuu ya ofisi ya kata huenda ikawa nayo. Matoleo ya kuanzia 2019 yana pia MAXIFS, inayotaja moja kwa moja namba kubwa ya kundi. Sisi tumebaki na COUNTIFS kwa sababu majedwali yetu yanazunguka kwenye kompyuta za kila umri.

Sasa fanya hivi. Weka kipanya kwenye kisanduku A2, siyo A1 penye kichwa cha habari, kisha buruta hadi C10. Nenda Home, bonyeza Conditional Formatting, halafu New Rule, na uchague mstari wa mwisho unaosema Use a formula to determine which cells to format. Katika nafasi iliyo wazi andika:

```
=AND(ISNUMBER($C2),COUNTIFS($A$2:$A$10,$A2,$C$2:$C$10,">"&$C2)=0)
```

Bonyeza Format, chagua rangi chini ya Fill, kisha OK mara mbili. Mistari minne itapakwa rangi: Laela B, Mpui B, Mpui C na Mtowisa A. Kama kompyuta yako ililetwa kutoka Ulaya na inakataa fomula, jaribu nukta-mkato mahali pa mikato. Kompyuta zilizopangwa kwa lugha za kule mara nyingi hutaka hivyo.

Alama ya dola ndiyo inayowachanganya wengi, kwa hiyo tukae hapo kidogo. Fomula umeiandika mara moja, lakini kompyuta inaisoma upya kwa kila kisanduku ulichochagua, na kila mara inasogeza anwani zake. Dola ni kama kigingi: inazuia kilicho mbele yake kisisogee. Katika $A$2:$A$10 kila kitu kimefungwa, kwa kuwa orodha ya kulinganisha ni ile ile kwa wote. Katika $C2 tumefunga safu tu na kuacha namba ya mstari huru, ili mstari wa 7 uulize habari za C7 na mstari wa 8 habari za C8. Ukisahau dola iliyo mbele ya C, safu ya kwanza itauliza magunia, lakini safu ya pili itauliza yaliyomo safu ya D, na rangi haitashika mstari mzima.

Kosa lingine la namna hiyo ni rangi kupanda mstari mmoja juu. Likitokea, ujue ulichagua kuanzia A1 huku fomula inataja mstari wa 2. Mstari wa 2 katika fomula lazima uwe ule ule ambao kisanduku chake cha kwanza kimebaki cheupe ulipochagua. Wanaoburuta kutoka chini kwenda juu hupata matatizo makubwa zaidi, kwa maana kwao kisanduku cheupe kiko mwisho wa orodha.

Hayo ni makosa yanayoonekana. Yasiyoonekana ndiyo yanayotia hofu, nasi tulikaribia kuumia. Katika orodha yetu moja, mwandishi alikuwa na bidii akaandika "17 gunia" badala ya 17. Kwa kompyuta hayo ni maneno, siyo namba. Kwa hiyo ule mstari haukuhesabiwa hata kidogo, na rangi ikahamia kwa mbegu yenye gunia 15. Jedwali lilionekana safi kabisa, na tulikuwa tumeshaanza kuandika oda ya kata hiyo. Aliyetuokoa ni mkulima mmoja mama, aliyesema kwamba shamba la mfano analijua na mbegu ile haikuwa ya kwanza. Tangu hapo tunatazama safu ya magunia kabla ya kuamini rangi: namba halisi hukaa upande wa kulia wa kisanduku, na maneno hukaa kushoto. Namba iliyojitenga kushoto ina kasoro. Mara nyingine utakuta herufi O imeandikwa mahali pa sifuri.

Kasoro ya pili iko kwenye majina. "Laela" na "Laela " yenye nafasi tupu mwishoni ni kata mbili machoni pa kompyuta, na kila moja itapewa mshindi wake. Dalili ni kata moja kuwa na mistari miwili ya rangi. Lakini sare ya kweli pia hutoa mistari miwili, kama Mpui, kwa hiyo linganisha kwanza magunia. Yakiwa sawa, ni sare. Yakitofautiana, tatizo ni jina. Andika =LEN(A2) pembeni na uteremshe; Laela ni herufi 5, na penye 6 pana nafasi iliyojificha.

Ile ISNUMBER iliyo mwanzoni mwa fomula ina kazi yake. Bila hiyo mistari mitupu inaweza kupakwa rangi, kwa kuwa hakuna kinachoizidi. Kwa sababu hiyo hiyo unaweza kuandika 200 mahali pa 10 tangu mwanzo na kuchagua hadi mstari wa 200, ili taarifa zinazochelewa kutoka bondeni ziingie zenyewe. Ukibaki na 10, mstari wa 11 hautalinganishwa na mtu, hata uwe na gunia 30.

Kuhusu karatasi: nakala zinazokwenda vijijini huchapwa nyeusi na nyeupe, na rangi ya njano hupotea kabisa kwenye mashine ya kunakili. Unapobonyeza Format, nenda pia Font na uchague Bold.

Jambo la mwisho ni tofauti ndogo. Gunia moja linaweza kutokana na kipande cha shamba chenye samadi ya zamani, au na namna gunia lilivyojazwa. Sisi huongeza kanuni ya pili yenye rangi hafifu, kwa mbegu zilizoachwa na mshindi kwa gunia lisilozidi mawili:

```
=AND(ISNUMBER($C2),COUNTIFS($A$2:$A$10,$A2,$C$2:$C$10,">"&($C2+2))=0)
```

Excel huiweka kanuni mpya juu ya ile ya zamani, hivyo rangi hafifu itawafunika washindi. Fungua Manage Rules na uishushe kwa mshale. Katika mfano wetu Laela C, yenye gunia 15, itapata rangi hafifu. Mtowisa C, iliyoachwa kwa gunia tatu, haitapata. Kwa Laela tungewaonyesha wakulima mbegu zote mbili, B na C, na kuwaacha waulizane ipi inakobolewa vizuri na ipi inastahimili fukusi ghalani, maana hayo hayamo kwenye safu ya C.