Je, Wajua? Hadithi “yako” huenda ni ya Mbegha

Akili yaweza kutunza kisa na kupoteza kilikotoka. Mwaka 1891 Helen Keller, msichana wa Marekani asiyeona wala kusikia, aliandika hadithi akiamini ni yake. Ikaonekana inafanana mno na ya Margaret Canby, aliyosomewa miaka michache nyuma. Kusomewa huko hakukukumbuka kabisa.

Kwa mwandishi wa Handeni au Korogwe, mtego uko jirani. Mwindaji anawakimbia ndugu zake, anawagawia wenyeji nyama ya nguruwe pori, anaua simba, anatawazwa. Huyo ni Mbegha, aliyetoka Ngulu akawa mfalme wa Usambara. Abdallah bin Hemedi alimwandika katika Habari za Wakilindi.

Kabla ya kuwasilisha mswada wako, futa majina yote, kisha uangalie kilichobaki. Usihangaike na shujaa muua simba, maana yupo kila mahali. Shika lile jambo la ajabu: Mbegha aliitwa kigego kwa kuota meno ya juu kwanza. Kama shujaa wako naye ni hivyo, fungua kitabu hicho, kisha nenda kwa wazee. Uliza kabla hujasimulia: “Shikamoo bibi. Kuna mtu wa zamani aliyeogopwa kwa ajili ya meno yake?” Ukitangulia kusimulia, jibu lake litafuata maneno yako.

Asili ikipatikana, itaje ukurasa wa kwanza. Isipopatikana, andika uliowauliza na vitabu ulivyopekua; bado haijathibitika kuwa ni yako.