Programu ya Mac ni folda: kwa nini huioni hivyo, na jinsi ya kuchungulia ndani

Mwalimu mmoja wa kwaya, msikilizaji wetu, alitutumia ujumbe wa sauti akiwa steshenari. Alikuwa ametoka kwa rafiki yake mwenye kompyuta ya Mac, akanakili kwenye flashi rekodi za kwaya pamoja na programu ya Audacity ya kuhariri sauti. Programu hiyo alitaka kumpelekea mtu mwingine mwenye Mac mjini. Kwa rafiki yake aliiona kama kitu kimoja, yaani ikoni moja yenye jina chini yake. Alipochomeka flashi kwenye kompyuta ya Windows pale steshenari ili achapishe barua, programu haikuwepo. Mahali pake palikuwa na folda iitwayo Audacity.app. Ndani yake mlikuwa na folda nyingine iitwayo Contents, na ndani ya hiyo rundo la vitu asivyovijua.

Kijana wa steshenari akamwambia hivyo ni virusi vya flashi, vile vinavyogeuzageuza mafolda, na dawa yake ni kufomati. Kufomati kungefuta pia rekodi zote za kwaya. Mwalimu akaomba asubiri kidogo, akatuuliza.

Havikuwa virusi. Windows ilikuwa inamwonyesha ukweli ambao Mac huuficha kwa makusudi.

Kwenye macOS, yaani mfumo unaoendesha kompyuta za Mac, karibu kila programu unayoiona kama ikoni moja ni folda. Jina lake kamili huishia na .app, ingawa mara nyingi herufi hizo zenyewe zimefichwa. Finder, ambayo ndiyo programu ya Mac ya kutazama mafaili na mafolda, imefundishwa kanuni moja: ikikuta folda yenye jina linaloishia na .app, isiifungue kama folda nyingine. Ionyeshe ikoni ya programu, na mtu akiibofya mara mbili, iwashe programu iliyomo ndani. Windows haina kanuni hiyo. Kwake folda ni folda, ikiwa na nukta na herufi tatu mwishoni au isiwe nazo.

Kama una Mac mbele yako, unaweza kulithibitisha hilo kwa nusu dakika. Fungua programu iitwayo Terminal, ambayo hupokea amri za kuandika, uandike hivi na kubonyeza Return:

```
mkdir ~/Desktop/Jaribio.app
```

Neno mkdir maana yake ni kutengeneza folda, basi. Hujatengeneza programu yoyote. Lakini ukitazama kwenye Desktop, Finder itakionyesha kitu hicho kama programu, na ukikibofya mara mbili utaambiwa hakiwezi kufunguka, kwa sababu ndani hamna kitu cha kuwasha. Ukimaliza kucheka, kitupe kwenye Trash.

Kwa nini wakafanya hivyo? Programu haijawahi kuwa kitu kimoja. Kuna sehemu inayofanya kazi yenyewe, kuna picha na ikoni, kuna sauti, kuna maneno ya menyu kwa lugha mbalimbali, na kuna vipande vya msaada ambavyo programu haiwezi kwenda bila hivyo. Swali ni wapi pa kuviweka. Unaweza kuvitawanya sehemu mbalimbali za kompyuta, lakini hapo utahitaji programu nyingine ya kusakinisha na nyingine ya kuondoa, na kipande kimoja kikipotea kazi inasimama. Au unaweza kuvifunga vyote pamoja na kumwonyesha mtumiaji mzigo mmoja.

Mac za zamani zilikuwa na njia yake: faili moja lilikuwa na pande mbili, upande mmoja wa data na mwingine wa picha, menyu na mengineyo. Tatizo lilikuwa kwamba mifumo mingine haikuujua ule upande wa pili. Faili likipita kwenye kompyuta ya aina nyingine, upande huo uliweza kupotea njiani. Mtindo wa folda ulitoka kwenye kampuni ya NeXT, iliyoanzishwa na Steve Jobs baada ya kuondoka Apple mwaka 1985. Mwishoni mwa 1996 Apple ilitangaza kuinunua NeXT, na mfumo wake ndio uliokuja kuwa msingi wa Mac OS X, iliyoanza kuuzwa mwaka 2001. Folda za .app zikaja nao. Uzuri wake ni kwamba folda ya kawaida inaweza kunakiliwa karibu popote, kama flashi ya mwalimu ilivyoonyesha.

Ninyi mnaotumia simu mna kitu kinachofanana na hiki. Lile faili la APK ambalo watu hurushiana kwenye simu za Android nalo lina mafaili mengi ndani, ila yamebanwa yakawa faili moja la kweli, kwa mtindo wa zip. Ndiyo maana APK ni faili moja hata ukiitazama kwenye Windows. Programu za iPhone nazo ni folda za .app, isipokuwa simu haikupi nafasi ya kuzifungua hivi hivi.

Sasa tuchungulie. Tuchukue kikokotoo kinachokuja na kila Mac, yaani Calculator. Fungua folda ya Applications ndani ya Finder, utafute ikoni yake. Usiibofye mara mbili. Bofya kwa kitufe cha kulia cha kipanya, au shikilia kitufe cha Control ndipo ubofye. Kwenye menyu itakayotokea chagua Show Package Contents. Dirisha litaonyesha kilichomo: folda moja tu, Contents. Ifungue.

Ndani ya Contents kuna vitu kadhaa, lakini vinne ndivyo vya kuvijua. Folda iitwayo MacOS ina programu yenyewe, ile sehemu inayofanya kazi. Folda ya Resources ina picha, ikoni na maneno. Faili la Info.plist ni kama kitambulisho cha programu: jina lake, toleo lake, na muhimu kuliko yote, ni faili gani ndani ya MacOS liwashwe mtu anapobofya. Mwisho kuna folda ya _CodeSignature, ambayo tutairudia.

Kitambulisho hicho unaweza kukisoma kwa Terminal. Kwenye Mac zenye macOS ya mwaka 2019 kuja mbele, programu za Apple zenyewe hukaa ndani ya System, kwa hiyo amri ni hii:

```
plutil -p /System/Applications/Calculator.app/Contents/Info.plist
```

Yatamiminika maneno mengi. Tafuta mstari wenye CFBundleExecutable. Mbele yake pameandikwa jina la faili litakalowashwa. Ukienda kwenye folda ya MacOS utalikuta hapo kwa jina hilo hilo. Hiyo ndiyo njia yote ambayo Finder huipita unapobofya ikoni: inasoma kitambulisho, inapata jina, inaenda kwenye MacOS na kuliwasha.

Mimi kinachonivutia zaidi ni Resources. Katika programu nyingi, kila lugha ina folda yake humo: en.lproj ni ya Kiingereza, fr.lproj ya Kifaransa. Kiswahili kikiwepo, folda yake huitwa sw.lproj. Si programu zote hutumia mpangilio huu, kwa hiyo kuikosa si ushahidi kamili, lakini ukiikuta ujue kuna mtu alikaa akatafsiri.

Kutazama hakuharibu kitu, na hata kunakili picha au ikoni na kuiweka pembeni hakuna madhara. Tatizo ni kubadilisha. Ile folda ya _CodeSignature ina orodha ya mafaili ya programu pamoja na alama ya hesabu ya kila moja, na orodha hiyo imesainiwa kidijitali na aliyetengeneza programu. Ukibadilisha picha moja tu, hesabu haitalingana tena na saini itakuwa imevunjika. Mac inaweza kukataa kuifungua programu hiyo, ikikuambia imeharibika. Programu za Apple zilizo ndani ya System zina ulinzi zaidi. Hizo mfumo wenyewe hukuzuia kuzigusa.

Turudi kwa mwalimu na flashi yake. Tulimwomba kijana wa steshenari apange dirisha la Windows lionyeshe safu ya aina za mafaili. Virusi vingi vya flashi tunavyovijua hapa huwa ni faili lenye picha ya folda, lakini kwenye safu hiyo huonekana kama programu ya Windows au njia ya mkato. Audacity.app iliandikwa kuwa ni folda kweli, na ndani yake Contents, na ndani ya Contents zilikuwemo Info.plist na MacOS. Mpangilio huo unaonyesha kwamba ni programu ya Mac. Hauonyeshi kwamba programu hiyo ni salama kwa Mac. Hilo hutegemea ilikotoka, na ya mwalimu rafiki yake aliipakua kutoka kwa watengenezaji wenyewe.

Lakini palikuwa na hatari nyingine iliyobaki. Kijana alitaka kusaidia kwa kuibana folda hiyo pale pale kwenye Windows ili ibebeke vizuri. Tukamwambia aache. Ndani ya programu nyingi za Mac kuna alama zinazosema faili hili linaruhusiwa kuwashwa, na kuna vielekezi, yaani vijina vinavyosema tu kwamba kitu halisi kiko kwenye folda ile pale. Windows haitunzi vitu hivyo kwa namna ya Mac. Ukiibana programu huko na kuja kuifungua kwenye Mac, inaweza kukataa kuwaka ingawa ukihesabu mafaili yote yapo.

Njia salama ni kuibana kabla haijatoka kwenye Mac. Bofya ikoni ya programu ukiwa umeshikilia Control, uchague Compress. Litatokea faili moja la .zip pembeni yake. Hilo ndilo la kuweka kwenye flashi, na likifika kwenye Windows usilifungue, lipite hivyo hivyo mpaka Mac nyingine. Mwalimu alifuta ile folda ya Audacity.app peke yake, rekodi za kwaya akaziacha, akampigia rafiki yake amwandalie faili la .zip.

Aliuliza pia kama kwenye Mac kuifuta programu ni kuitupa tu. Karibu ndiyo. Ukiiburuta kwenye Trash, folda nzima inaondoka na kila kilichomo. Kinachobaki ni mipangilio yako, ambayo haikukaa ndani ya programu bali kwenye folda iitwayo Library ya mtumiaji. Ndiyo maana ukiirudisha programu baada ya miezi kadhaa, unaweza kuikuta bado inakumbuka ulivyoiacha.