Kutu ya Majani ya Kahawa: Geuza Jani Uione

Mkulima anayepita katikati ya mibuni akitazama majani kwa juu tu anaweza kumaliza shamba zima asione la kumshtua. Labda atakuta madoa machache ya manjano yaliyofifia, adhani ni upungufu wa mbolea, aendelee na shughuli zake. Ugonjwa wa kutu ya majani hujionyesha upande wa pili. Jani likigeuzwa, chini ya kila doa la manjano huonekana unga wa rangi ya chungwa, na ukiusugua kwa kidole hubaki kwenye ngozi kama manjano ya pilau.

Unga huo ni mbegu za ukungu ambao wataalamu wanauita Hemileia vastatrix. Hukaa upande wa chini kwa sababu vitundu ambavyo jani la mbuni hupumulia viko upande huo tu. Mbegu ikiangukia hapo na kukuta jani lina maji ya mvua au umande, humea na kupenya kwenye kitundu. Isipopata maji hayo, haimei. Ndiyo maana ugonjwa hupamba moto wakati wa mvua, hasa katika mashamba ya ukanda wa chini wenye joto, na katika mibuni iliyosongamana ambayo majani yake huchelewa kukauka.

Kinachowaponyoka wengi ni muda. Tangu ukungu uingie ndani ya jani hadi unga utokeze, huweza kupita wiki tatu au zaidi. Dalili ya kwanza ni kidoa cha manjano hafifu chenye upana wa milimita mbili au tatu, ambacho huonekana vizuri jani likiinuliwa kuelekea jua. Kidoa hupanuka, chini yake hujaa unga, na baadaye katikati hukauka na kuwa kahawia. Doa moja linaweza kutoa mamia ya maelfu ya mbegu, zikasambazwa na matone ya mvua, upepo na hata nguo za wavunaji.

Ukaguzi unaofaa huanzia matawi ya chini, kwani mara nyingi ugonjwa huanzia huko kisha hupanda. Tuseme mkulima wa Hai, Kilimanjaro, anapita shambani masika yanapoanza. Anachagua mibuni 30 iliyotawanyika, si ya ukingoni peke yake, na katika kila mbuni anageuza majani 10 ya matawi ya chini na ya katikati. Akikuta majani 45 yenye unga kati ya hayo 300, basi majani 15 katika kila 100 yameshaugua. Akiandika hesabu hiyo na kurudia ukaguzi baada ya wiki chache, atajua kama ugonjwa unapanda au umetulia.

Si kila doa ni kutu. Upo ugonjwa unaoacha doa la kahawia lenye kitovu cha kijivu, mfano wa jicho. Huo hauna unga wa chungwa. Viwavi wanaokula nyama ya jani kwa ndani huacha baka kavu upande wa juu, na ngozi ya baka hilo ikibanduliwa kiwavi anaweza kuonekana. Jani lenye njaa ya virutubisho hugeuka manjano kwa mpangilio unaofuata mishipa, na kidole kikipita chini yake hutoka safi. Wakati mwingine unga wa kutu hufunikwa na utando mweupe. Huo ni ukungu mwingine unaoishambulia kutu yenyewe, lakini doa la kutu bado lipo.

Majani yaliyoshambuliwa sana hupukutika. Kwa kuwa kahawa huzaa kwenye matawi yaliyokua msimu uliotangulia, mbuni uliobaki mtupu leo huchipua matawi dhaifu, na hasara huonekana kwenye mavuno ya mwaka unaofuata. Dawa za kopa hukinga majani ambayo hayajaingiwa, haziponyi doa lililokwisha kutoka. Kwa hiyo hupulizwa kabla mvua hazijakolea, bomba likielekezwa chini ya majani. Kupogoa matawi yaliyosongamana husaidia majani kukauka haraka.

Aina za zamani kama N39 na KP423 za Tanzania, au SL28 ya Kenya, hushambuliwa kwa urahisi. Kituo cha utafiti wa kahawa cha TaCRI kilichoko Lyamungo kimetoa aina zenye ukinzani, na Kenya ina Ruiru 11 iliyotolewa mwaka 1985 na Batian ya mwaka 2010. Hata hivyo ukungu huu hubadilika, na aina zake zilizokwisha kutambuliwa duniani zinazidi 50. Mwenye mibuni ya aina hizo mpya naye ageuze majani, na akikuta unga wa chungwa amwite afisa ugani aje auone ungali kwenye majani machache.