Kilimanjaro ndani ya maji

Maji yaliyotulia ni kioo kilicholala chini. Anayetazama ng'ambo ya ziwa huona mlima mara mbili: mara moja kwa jicho lake, na mara ya pili kama ambavyo jicho lingeuona lingekuwa chini ya maji, kina sawasawa na urefu wa mtazamaji juu ya maji. Atengenezaye taswira ya ziwa kwenye kompyuta anapaswa kuanzia hapo. Kuipindua picha kichwa chini ni hesabu ya makadirio tu, na kasoro nyingi zinazofanya ziwa la kutengenezwa lionekane la uongo zinatokana na kuyachukulia makadirio hayo kuwa ndiyo kamili.

Chukua picha ya Kilimanjaro iliyopigwa upande wa Amboseli, kilele kikiwa umbali wa kilomita 45 hivi na migunga ikiwa mbele. Ziwa Amboseli hukauka sehemu kubwa ya mwaka na hupata maji msimu wa mvua, kwa hiyo ziwa la kutengenezwa mahali hapo si jambo la ajabu. Tuseme kamera iko mita 2 juu ya usawa wa maji, na ukingo wa ng'ambo uko mita 200 mbele. Picha ina upana wa pikseli 3000, na imekatwa sawasawa kwenye mstari wa ukingo ikabaki na kimo cha pikseli 1500. Kilele kiko pikseli 1100 juu ya ukingo.

Kazi inaweza kufanywa katika GIMP, programu ya bure. Nakala ya picha hutengenezwa kama tabaka la pili, kisha `Image > Canvas Size` huongeza kimo hadi pikseli 2600, nafasi yote mpya ikiwa chini. Nakala hupinduliwa kwa `Layer > Transform > Flip Vertically`, huwekwa chini ya tabaka la picha asili, kisha huteremshwa hadi kingo zikutane. Wengi huishia hapa. Mlima una pikseli 1100 juu na 1100 chini, kama karatasi iliyokunjwa katikati, na jicho linasita hata kabla mtazamaji hajajua sababu.

Sababu ni hii. Kitu kilicho mbali sana hakigeuki kwenye mstari wa ukingo, bali kwenye upeo wa macho. Kamera ikiwa mita 2 juu na ukingo mita 200 mbele, ukingo huangukia digrii 0.6 chini ya upeo, ambazo katika picha hii ni pikseli 100 hivi. Kilele kiko pikseli 1000 juu ya upeo, basi taswira yake iko pikseli 1000 chini ya upeo, yaani 900 tu chini ya ukingo. Kwa hiyo tabaka lililopinduliwa husogezwa juu pikseli 200, na sehemu inayozidi hufichwa na picha asili iliyo juu yake. Kinachopotea ni ule utepe wa tambarare kati ya ukingo na mlima, pamoja na sehemu ya chini ya miteremko. Ndivyo ilivyo hata ziwani: jicho lililo chini ya maji haliwezi kuona uso wa ardhi tambarare iliyo nyuma ya ukingo. Picha inayoonyesha nyasi za nyuma ya ukingo zikiwa zimetandaa ndani ya maji hujitambulisha yenyewe kuwa ya kutengenezwa.

Migunga haifuati kanuni hiyo. Mti wa mita 10 uliosimama ukingoni kabisa hugeuka kwenye shina lake, kwa hiyo kimo chake cha pikseli 480 hurudi kikiwa 480 vilevile majini. Lazima basi miti itengwe kwenye tabaka lake, ipinduliwe na kuachwa ukingoni bila kusogezwa. Mahali ilipokuwa kwenye tabaka la mlima huzibwa kwa kunakili anga na mteremko wa jirani, ili isibaki mizimu ya migunga. Matokeo yake ni ya kupendeza: juu, mti unafika chini ya nusu ya kimo cha mlima, majini unapita nusu. Mpiga picha yeyote aliyewahi kusimama kando ya ziwa tulivu amekiona kitu hicho, hata kama hakukitilia maanani. Ukingo ukipindapinda, kila mti huhitaji bawaba yake mahali shina linapogusa maji, vinginevyo pembe zenye umbo la V hutokea kati ya mti na taswira yake.

Baada ya hapo matabaka mawili ya chini huunganishwa, na viwimbi hufuata. Chombo chenyewe ni `Filters > Map > Displace`, kinachosogeza kila pikseli kwa kufuata ramani ya weusi na weupe: kijivu cha katikati hakisogezi kitu, na rangi zilizo mbali na hicho husogeza zaidi. Ramani hupatikana kwenye tabaka jipya kwa `Filters > Render > Noise > Solid Noise`, kipimo cha X kikiwa kidogo, kama 2, na cha Y kikiwa 16, ili mawingu ya kijivu yatoke marefu kwa ulalo na membamba kwa wima.

Ramani hiyo bado ni bapa, kama pazia. Viwimbi vya mbali huonekana vimesongamana na vya karibu ni vipana, kwa hiyo pembe mbili za chini za ramani huvutwa nje kwa chombo cha Perspective, kisha tabaka hurudishwa kwenye kipimo kilekile cha taswira. Juu yake hupakwa kijivu cha `808080` kinachofifia kuelekea chini, ili karibu na ukingo maji yasitikisike kabisa. Hatua hii ndogo ndiyo huamua kama maji yatalala au yatasimama wima kama ukuta.

Kiasi cha kusogeza kisizidi. Pikseli 12 kwa wima na 4 kwa ulalo zatosha kwa picha ya ukubwa huu. Wima huzidi kwa kuwa kiwimbi kinachotazamwa kwa pembe ndogo hurefusha taswira kumwelekea mtazamaji kuliko kinavyoitawanya kando. Zile 4 za ulalo ndizo hukatakata mashina ya miti, ambayo yangebaki yamenyooka kama rula. Kisha `Filters > Blur > Linear Motion Blur`, pembe 90 na urefu wa pikseli 8 hivi, hulainisha kwa wima pekee. Ukungu wa pande zote huleta sura ya kioo kichafu, si ya maji.

Mwisho ni mwanga. Maji huakisi karibu mwanga wote yanapotazamwa kwa pembe ndogo sana, na asilimia 2 tu yanapotazamwa kutoka juu moja kwa moja. Katika picha hii maji ya ukingoni yanaakisi karibu yote, na ya chini kabisa karibu nusu. Kinachobaki ni rangi ya maji yenyewe. Tabaka la kahawia iliyokolea, ya maji ya mvua yenye tope, huwekwa chini ya taswira, na taswira hupewa kinyago chenye weupe ukingoni kinachoshuka taratibu hadi kijivu hafifu. Nusu ya mwanga machoni si giza, hivyo kijivu kikikolea sana maji yatafanana na lami. Theluji ya kilele ndiyo kipimo kizuri: ile ya majini isiwe nyeupe kuliko ile ya juu, popote pale.