Hasara Inayoandikwa Kabla Haijatokea

Mwaka 2019 kampuni ya Equity Group ya Kenya ilitenga shilingi bilioni 5.3 kwa ajili ya mikopo iliyohofiwa kutolipwa. Mwaka 2020, korona ilipoingia, kiasi hicho kiliruka hadi bilioni 26.6, na faida baada ya kodi ikashuka kutoka bilioni 22.6 hadi bilioni 20.1. Sehemu ya fedha hizo ilitengwa kwa mikopo ambayo wenyewe walikuwa bado wanailipa.

Zamani isingekuwa hivyo. Benki ilisubiri mpaka dalili za hasara zionekane, ndipo iandike. Msukosuko wa fedha wa mwaka 2008 ulionyesha ubaya wa kusubiri: hasara ziliandikwa kwa kuchelewa na kwa mkupuo, benki nyingi zikiwa tayari hoi. Viongozi wa mataifa ya G20 walipokutana London Aprili 2009 walitaka kanuni hizo zirekebishwe. Bodi ya kimataifa ya viwango vya uhasibu ilitoa kanuni mpya, IFRS 9, Julai 2014, nayo ikaanza kutumika tarehe 1 Januari 2018.

Tuchukue mfano wa kubuni wa mwenye duka la jumla aliyekopa shilingi milioni 2 kwa miaka mitatu, dhamana ikiwa ni lori lake. Siku anayopewa fedha hajakosea lolote, lakini benki inajiuliza mambo matatu: kuna uwezekano gani ashindwe kulipa ndani ya miezi 12 ijayo? Akishindwa, atakuwa anadaiwa kiasi gani? Na lori likishauzwa, ni sehemu gani ya deni itapotea? Tuseme uwezekano ni asilimia 2, na kitakachopotea ni asilimia 40 ya deni. Zidisha milioni 2 kwa asilimia 2, kisha kwa asilimia 40, unapata shilingi 16,000. Hicho ndicho kiasi kinachotengwa mwanzoni.

Fedha hizi hazipelekwi kwenye akaunti nyingine wala hazifungiwi kabatini. Ni maandishi ya hesabu: gharama inaingia kwenye hesabu ya faida na hasara, na thamani ya mikopo kwenye mizania inapungua kwa kiasi hicho hicho. Kinachobadilika kwa vitendo ni kwamba benki haiwezi kugawa kama gawio faida ambayo haijaihesabu.

Mwaka mmoja baadaye deni limebaki milioni 1.6, biashara imedorora, na rejesho limechelewa zaidi ya siku 30. Kanuni inachukulia kwamba hatari imeongezeka sana, isipokuwa benki iwe na ushahidi wa kupinga. Hapa ndipo penye mruko mkubwa. Benki haiangalii tena miezi 12 tu, inaangalia muda wote uliobaki wa mkopo. Uwezekano wa kushindwa ukiwa asilimia 25, na bei ya malori ikiwa imeshuka hata hasara ikafika asilimia 45 ya deni, tengo linakuwa shilingi 180,000. Ni zaidi ya mara kumi ya lile la kwanza, na mkopo wenyewe bado haujawa chechefu. Zikipita siku 90 bila malipo, mkopo unahesabiwa kuwa umeshindikana, na tengo linapanda hadi 720,000.

Kwa kuwa mruko ni mkubwa hivyo, benki isiyo makini ina kishawishi cha kuukwepa. Njia iliyozoeleka ni kumpa mkopaji aliyekwama mkopo mpya wa kulipia ule wa zamani. Siku za kuchelewa zinarudi sifuri, na deni lililooza linaonekana jipya. Kuongeza muda wa kulipa si kosa. Mwaka 2020 Benki Kuu ya Kenya yenyewe iliruhusu mikopo ipangwe upya ili watu wapate nafuu. Ila kuanzia hapo siku za kuchelewa peke yake hazikutosha kumjulisha mtu hali ya mkopaji, na benki zililazimika kukadiria: hoteli iliyofungwa itafunguka lini, na je, wageni watarudi?

Makadirio hayo yakizidi, fedha hurudi. Mwaka 2021 Equity ilipunguza sana tengo lake, na faida yake ikafika shilingi bilioni 40.1. Ongezeko la namna hiyo halitokani lote na biashara mpya. Sehemu yake ni gharama iliyokwisha kubebwa mwaka uliotangulia. Anayetaka kujua hali ya benki asiishie kwenye mstari wa faida. Afungue maelezo ya hesabu za mwaka, penye jedwali la mikopo katika hatua tatu, na aangalie hatua ya pili: je, mikopo iliyomo inaongezeka huku fedha zilizotengwa kwa ajili yake zikibaki pale pale?