Safari ya msosi kutoka Nzega hadi Tabora: karanga, halali na saa ya kula

Tuseme mko washikaji wanne, wanafunzi wa sekondari pale Nzega. Likizo imeanza, mmechanga nauli, na mmekubaliana Jumamosi kwenda Tabora mjini kwa shughuli moja tu: kula. Bomba! Lakini mmoja wenu akila karanga mwili unavimba na pumzi inabana. Mwingine ni Mwislamu na anataka kila anachokula kiwe halali. Je, mtakula wapi, saa ngapi, na mtauliza nini kabla ya kukaa mezani?

Twende hatua kwa hatua.

KWA NINI KARANGA ZIKO KILA MAHALI?
Kule pwani mboga huungwa kwa tui la nazi. Unyamwezini minazi haioti, na nazi ikisafiri kutoka pwani inafika ikiwa ghali. Karanga, kwa upande wake, zinalimwa hapahapa. Kwa hiyo kazi inayofanywa na nazi kule Tanga au Bagamoyo, huku inafanywa na karanga zilizosagwa. Utazikuta kwenye mchicha, kisamvu, mlenda, nsansa (yale majani ya kunde yaliyokaushwa), na hata kwenye samaki. Michembe, yaani viazi vitamu vilivyokatwa vikakaushwa, nayo mara nyingi huchemshwa na kuchanganywa na karanga.

Ndiyo sababu mtu mwenye mzio wa karanga anaweza kuzunguka mji wa pwani bila taabu kubwa, halafu akaja kwetu akapata shida kwa sahani ya mboga za majani tu. Karanga zikishasagwa na kuiva ndani ya mboga hazionekani. Unachoona ni mchuzi mzito.

Kuna sehemu nyingine zinapojificha. Ya kwanza ni uji wa lishe. Unga wake mara nyingi ni mahindi, ulezi, soya na karanga vilivyosagwa pamoja. Ya pili ni mashine ya kusaga: ikisaga karanga sasa hivi, unga wa mteja anayefuata unabeba mabaki. Ya tatu ni mwiko. Mama ntilie ana sufuria tano na pengine mwiko mmoja. Akichota kisamvu cha karanga kisha akachota maharage, maharage yale hayamfai tena mwenzenu.

"KIDOGO TU HAIDHURU." KWELI?
Si kweli. Mzio si sawa na tumbo kukataa chakula. Kwenye mzio, kinga ya mwili inaichukulia protini ya karanga kama adui na kuishambulia. Kwa watu wengine kiasi kinachobaki kwenye kijiko kinatosha. Kupika hakuiui protini hiyo, na karanga za kukaanga ni hatari vilevile.

Dalili huanza dakika chache baada ya kula, na kwa kawaida haizidi saa mbili. Hiyo saa mbili ikumbuke, maana tutaitumia kupanga ratiba. Mtu huwashwa mdomo, hutoka vipele, huvimba midomo au macho, hutapika. Hayo peke yake yanahitaji kumwangalia kwa makini. Lakini akianza kukohoa mfululizo, sauti ikikwaruza, pumzi ikipiga filimbi, au akihisi kizunguzungu na kulegea, hapo ni noma. Ni hospitali mara moja.

Dawa inayookoa wakati huo ni sindano ya adrenalini, inayochomwa kwenye msuli wa paja. Vidonge vya mzio kama setirizini hupunguza muwasho na vipele, lakini havifungui koo linaloziba. Usimpe kidonge ukakaa kusubiri.

Wakati usafiri unatafutwa, mlaze chali na kuinua miguu. Kama anahema kwa shida, mwache akae. Kama anatapika, mlaze ubavu. Usimsimamishe wala kumtembeza, hata akisema yuko poa, kwa sababu presha yake inaweza kushuka ghafla akaanguka. Kwa sababu hiyohiyo usimpakie kwenye bodaboda. Tafuteni gari au bajaji anayoweza kuegemea. Akishapata nafuu bado abaki hospitalini kwa saa kadhaa, maana dalili huweza kurudi.

NA HALALI JE?
Hapa wengi hudhani ni suala la nguruwe tu. Kuna mambo matatu: mnyama wa aina gani, amechinjwa na nani na vipi, na chombo kimepikia nini kabla.

Ule muhuri unaouona kwenye nyama buchani ni wa mkaguzi wa nyama. Unasema mnyama amekaguliwa kiafya. Hausemi amechinjwaje. Swali la kuchinja unamuuliza mwenye bucha au mwenye mgahawa, na si utovu wa adabu kuuliza.

Jambo la chombo ndilo husahaulika. Kwenye baa nyingi kitimoto na chipsi hukaangwa jirani, pengine ndani ya mafuta yaleyale. Mwenzenu akiagiza chipsi kavu, nyama hakuagiza, lakini mafuta yamekwisha kuchanganyika. Kwa hiyo swali si "Mnauza kitimoto?" peke yake. Uliza pia, "Mafuta haya mnakaangia nini kingine?"

Samaki ni njia rahisi kwa mwenzenu huyu, kwa sababu hahitaji kuchinjwa. Tabora ina bahati: reli iliunganisha mji huu na Kigoma tangu mwaka 1914, na migebuka na dagaa wa Ziwa Tanganyika hufika sokoni. Sasa angalia mtego. Samaki aliyeungwa kwa karanga ni halali kabisa kwa mmoja na sumu kwa mwingine. Mgahawa safi wa Kiislamu haumlindi mwenye mzio, na chipsi za baa zisizo na karanga hazimfai mwenye kutaka halali. Ni maswali mawili tofauti. Kila sahani ipite yote mawili.

MTAA GANI?
Tabora ilikua kwa misafara. Wafanyabiashara Waarabu na Waswahili waliweka kituo hapo, kikaitwa Kazeh. Burton na Speke walifika Novemba 1857, na mwaka 1858 Speke akaenda kaskazini hadi Ziwa Viktoria. Wageni wa pwani walikuja na pilau, chapati na kahawa, na hadi leo mji una Waislamu wengi. Kwa hiyo kwa mlo wa mchana tafuteni migahawa midogo ya mitaa ya zamani, kama Gongoni au Ng'ambo, yenye wapishi wanaopika pilau na wali wa nyama. Pilau ni chaguo zuri kwa nyote: kwa kawaida haina karanga, na nyama yake unaweza kuulizia. Hata hivyo ulizeni.

Baa za kando ya stendi ziacheni. Si kwa sababu ni mbaya, ila hapo maswali yenu yote mawili yanapata majibu magumu.

RATIBA YENYEWE
Nzega hadi Tabora, kupitia Puge, ni kama kilometa 115 za lami. Tuhesabu saa mbili na kitu.

Saa 12 na nusu asubuhi, kunyweni chai nyumbani Nzega: chapati au viazi vya kuchemsha. Uji wa lishe hapana. Kwenye basi mwenye mzio asile chochote cha dirishani, maana katikati ya njia hospitali iko mbali. Saa 1 mnaondoka, saa 3 na kitu mnafika.

Saa 3 na nusu hadi saa 5, Soko Kuu. Hapa ni kuangalia na kununua: migebuka, nsansa, asali, na maembe kama ni mwisho wa mwaka. Mwenye mzio aonje tunda alilomenya mwenyewe kwa kisu chake. Njugu mawe za kuchemsha aziache. Ni jamii moja na karanga, na safarini si mahali pa kujaribu.

Saa 5 na nusu, chakula cha mchana. Mbona mapema? Kwa sababu wateja wengi huja kuanzia saa 6. Ukifika kabla yao, sufuria hazijachanganyiwa miko, mpishi hana haraka, na anaweza kukuchotea kwa kijiko kilichooshwa. Ukifika saa 8 utapata mabaki na jibu la mkato.

Na mpishi umuulize vipi? Usiseme, "Hii haina karanga, eti?" Anataka kukuuzia, atajibu haina. Sema, "Shikamoo mama. Mboga hii umeiungia nini?" Hapo lazima akutajie. Akisita, au akisema "sijui, amepika dada", sahani hiyo iacheni.

Saa 8, kahawa ya barazani. Kashata za hapo mara nyingi ni za karanga, kwa hiyo mwenzenu anywe kahawa tu. Baada ya saa 9 mwenye mzio asile kitu kipya. Basi lenu ni saa 11. Mnaiona hesabu? Saa mbili za hatari zinaisha mkiwa bado mjini, karibu na Hospitali ya Kitete, siyo gizani barabarani.

IKIANGUKIA RAMADHANI
Mwezi wa Ramadhani hurudi nyuma kama siku 11 kila mwaka, kwa hiyo tazameni kalenda kwanza. Mchana migahawa mingi ya mitaa hiyo hufungwa, na mpango wote wa saa 5 na nusu unavunjika. Mlo mkubwa unakuwa futari, jua likishazama, na mihogo, viazi na kunde za futari huweza kuungwa kwa nazi au kwa karanga. Pia mtakuwa mmekosa basi la saa 11. Kama hamna ndugu wa kuwalaza Tabora, chagueni mwezi mwingine.

KATA, UWEKE MFUKONI
Mwenye mzio aandike kwenye karatasi ngumu, na wenzake watatu wajue iko mfuko gani:

"Nina mzio mkali wa karanga. Usiniwekee karanga, mafuta ya karanga, wala mwiko uliogusa karanga. Nikivimba au nikishindwa kupumua, nilaze, usinisimamishe, nipeleke hospitali kwa gari, na mwambie daktari: mzio wa karanga, anahitaji adrenalini. Simu ya nyumbani: ............"