Usafi wa kuchinja mbuzi na kuku nyumbani

Nyama iliyo ndani ya mnyama mwenye afya karibu haina vijidudu kabisa. Vijidudu vinavyoiharibu na kuwaumiza walaji hutoka kwenye manyoya na ngozi, kwenye matumbo, na kwenye mikono, visu na maji ya mchinjaji. Anayechinja mbuzi wa sikukuu uani ana kazi moja kubwa: kuzuia uchafu wa sehemu hizo usiifikie nyama.

Kazi huanza jana yake. Mbuzi atakayechinjwa alfajiri hanyimwi maji, lakini majani huondolewa tangu jioni, kwa sababu tumbo lililojaa hupasuka kirahisi wakati wa kulitoa. Kuku naye huachwa bila chakula kwa saa 8 hivi. Mnyama apumzike kivulini. Mbuzi aliyekimbizwa mtaani kabla ya kuchinjwa huwa ametumia sukari iliyo kwenye misuli yake, ile ambayo baada ya kufa hugeuka kuwa asidi na kuilinda nyama. Nyama yake hubaki nyeusi na yenye kunata, na huoza upesi.

Chukua mbuzi wa kilo 25. Kisu kikali hupita kooni mara moja na kukata bomba la hewa, umio na mishipa mikubwa ya damu ya pande zote mbili. Kisu butu huminya mishipa badala ya kuikata, na mnyama huteseka bila sababu. Kichwa hakivunjwi wala hakitenganishwi hapo hapo, ila damu huachwa itoke yenyewe. Mbuzi wa kadiri hiyo hutoa karibu lita moja katika dakika 3 hadi 5. Akining'inizwa kwa miguu ya nyuma, damu hutoka vizuri zaidi. Damu inayobaki ndani ni chakula kizuri cha vijidudu, ndiyo maana nyama isiyovuja damu huharibika kabla ya nyingine. Damu ikishakoma, ncha ya umio hufungwa kwa uzi ili majani ya tumboni yasirudi na kumwagika shingoni.

Kuchuna ndiko kunakowashinda wengi. Ngozi hukatwa kwa kisu kinachoelekea nje, makali yakitazama juu, ili manyoya yasisukumwe ndani ya nyama. Baada ya hapo ngumi hufanya kazi kuliko kisu. Mkono mmoja hushika upande wa manyoya, na huo hauigusi nyama. Mkono wa pili hugusa nyama tu. Wako wanaopuliza hewa kwa mdomo kupitia tundu la mguuni ili ngozi iachane na mwili, na kweli kazi hurahisika, lakini mate na pumzi ya mpulizaji huenea chini ya ngozi yote. Desturi hiyo iachwe.

Tumbo hupasuliwa mapema, ndani ya nusu saa tangu kuchinja, maana utumbo huvimba kwa gesi. Kwanza njia ya haja kubwa huzungushiwa kisu na kufungwa kwa uzi. Kisha ukuta wa tumbo hukatwa kutoka juu kwenda chini, vidole viwili vikitangulia nyuma ya makali kuyaweka matumbo mbali. Nyongo na kibofu hutolewa vikiwa vizima. Kinyesi kikidondokea nyama, dawa si kumwaga maji, kwani maji hukisambaza. Kipande kilichochafuka hukatwa na kutupwa. Kitambaa kimoja cha kufutia mzoga wote ni kibaya zaidi, kwa sababu hubeba uchafu wa mguuni hadi begani. Matumbo huoshwa mbali, kwa beseni lake na kisu chake.

Kwa kuku, koo hukatwa vivyo hivyo na damu huachwa itoke kwa dakika 2, mpaka atulie kabisa. Akitumbukizwa kwenye maji ya moto angali anapumua, huyavuta mapafuni. Maji ya kunyonyolea hayatakiwi kuchemka, kwani yaliyochemka hupika ngozi ikachanika. Maji yaliyochemka yakichanganywa na maji ya kawaida kwa vipimo sawa hufika karibu na nyuzi 60, na kuku hukaa humo dakika moja hivi, hadi unyoya wa bawa uchomoke bila nguvu. Maji hayo hubadilishwa mara yanapochafuka, kwani kuku wa kumi anayeingia kwenye sufuria ileile huoga kinyesi cha tisa waliotangulia. Wakati wa kumpasua, gole na utumbo hutolewa bila kuvitoboa, na firigisi hufunguliwa pembeni.

Kisha kuna suala la joto. Mzoga mpya una joto la mwilini, karibu nyuzi 39, na katika hali hiyo vijidudu vingi huweza kuongezeka maradufu kila dakika 20 hivi. Kuku asiyepikwa mara moja huwekwa kwenye maji safi yenye barafu mpaka apoe, kisha kwenye friji isiyozidi nyuzi 4. Nyama ya mbuzi huning'inizwa kivulini penye upepo, vipande visigusane, na chandarua kikizuia nzi. Kuirundika ikiwa moto ndani ya beseni au mfuko wa plastiki ni kosa la kawaida: sehemu ya katikati hubaki na joto kwa saa nyingi na kuanza kunuka huku ya juu ikionekana salama. Hata ndani ya friji hupangwa vipande vyembamba, si rundo. Pasipo friji, mbuzi wa alfajiri awe jikoni kabla ya adhuhuri, na maini na matumbo yatangulie.

Ukaguzi huanza mnyama angali hai. Mwenye homa, anayeharisha, anayekohoa au anayejitenga hachinjwi ili kuokoa hasara. Mlipuko wa Homa ya Bonde la Ufa wa 2006 na 2007 uliopiga Kenya na Tanzania uliwapata pia watu walioshika damu na viungo vya wanyama wagonjwa. Aliyechomwa dawa husubiri siku zilizoandikwa kwenye chupa. Baada ya kupasua, ini zuri huwa laini, lenye rangi moja na kingo kali. Mirija minene yenye minyoo bapa, au vifuko vya maji kwenye ini na mapafu, humaanisha kiungo hicho hutupwa. Mbwa wasipewe, kwa kuwa vifuko vingine hukua tumboni mwao kuwa minyoo inayomrudia binadamu. Usaha uliotapakaa, mafuta ya mbuzi yaliyogeuka manjano, au nyama yenye majimaji na harufu ya dawa huufanya mzoga wote kuwa wa kutiliwa shaka, na hapo huitwa mtaalamu wa mifugo. Kuku mwenye ngozi nyekundu iliyoiva na mishipa iliyojaa damu huenda alikufa kabla ya kisu: hicho ni kibudu.

Mbuzi aliyekufa ghafla huku damu nyeusi isiyoganda ikimtoka puani au nyuma hapasuliwi hata kidogo, kwani hiyo ni dalili ya kimeta. Akifunguliwa, vimelea hukutana na hewa na kujijengea gamba linalodumu ardhini miaka mingi, na kuchemsha nyama kwa kawaida hakuwezi kuaminiwa kuviua. Asichunwe, asiliwe, asitupwe kwa mbwa. Ofisa mifugo aitwe, na mzoga uchomwe au uzikwe kwa kina pale pale.